Lango Moja, Mitandao Kumi na Miwili

Tuchukue kampuni ya mikopo ya simu yenye ofisi Nairobi na Dar es Salaam. Ni ya kubuni, ila yanayoikuta ni mambo ya kila siku kwa wanaofanya kazi hii. Haina chumba cha seva. Imekodi mitambo ya Amazon Web Services katika kanda ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 2020. Ilianza na mtandao mmoja tu wa kukodi, ule ambao kwenye skrini huitwa VPC: uzio wa anwani ambamo seva za mteja mmoja zinaonana zenyewe kwa zenyewe, na wa nje hawazioni. Kisha watu wa malipo wakataka wa kwao. Wakaguzi wakadai mifumo ya majaribio itengwe na ile inayoshika pesa za wateja. Idara ya takwimu nayo ikafungua wake bila kumuuliza mtu. Kufumba na kufumbua, kampuni ina mitandao kumi na miwili, na mingi kati yake inahitaji kuongea na mingine.

Njia rahisi ya kuiunganisha ni kuishika miwili miwili, mtandao huu na ule, bila mtu wa kati. Huduma hiyo ipo tangu 2014, haina kodi ya mwezi, na kwa mitandao mitatu au minne sioni sababu ya kutafuta kingine. Shida yake ni kwamba urafiki huo haurithiwi. Mikopo ikiunganishwa na Malipo, na Malipo ikaunganishwa na Takwimu, bado Mikopo haiwezi kufika Takwimu kwa kupitia Malipo. Pakiti itakayojaribu itatupwa. Kila jozi inataka muunganisho wake, na kwa mitandao kumi na miwili jozi ni 66. Kila muunganisho unadai mstari wa njia upande huu na mwingine upande ule, kwa hiyo ni mistari 132 ya kuandikwa na kutunzwa. Ukifika mitandao 30, jozi zinakuwa 435. Zaidi ya hapo, mtandao mmoja hauruhusiwi kuwa na miunganisho inayozidi 125 hata ukiomba.

Mwishoni mwa 2018 Amazon walileta jibu lao wakaliita Transit Gateway. Microsoft na Google nao wana vya kwao vinavyofanana na hicho. Wazo lenyewe mashirika ya ndege yamelitumia miaka mingi: hakuna ndege kati ya kila mji na kila mji, abiria wanapelekwa kitovuni, wanabadilisha ndege, wanaendelea. Hapa kitovu ni ruta kubwa inayoendeshwa na mwenye mitambo. Kila mtandao unapata kiungo kimoja tu cha kuingia kitovuni. Mitandao kumi na miwili, viungo kumi na viwili. Ukiongeza wa kumi na tatu, unaongeza kiungo kimoja. Ofisi ya Nairobi nayo inaingia kwa kiungo chake kupitia VPN, na mara moja inaweza kufika kila mahali panaporuhusiwa.

Hadi hapo hadithi ni tamu, na wauzaji huishia hapo. Kuunganisha ni kazi ya mchana mmoja. Kazi iliyobaki, ambayo haiishi, ni kuamua nani asifike wapi, na hiyo haikai kwenye waya wala kwenye viungo. Inakaa kwenye majedwali ya njia.

Lango linaweza kuwa na majedwali mengi, na kila kiungo kina uhusiano wa aina mbili na majedwali hayo. Wa kwanza: kiungo kinasoma jedwali lipi? Yaani pakiti iliyoingia langoni kupitia kiungo hiki, lango litafungua jedwali gani kujua iende wapi. Kiungo kinasoma jedwali moja tu. Wa pili: anwani za mtandao ulio nyuma ya kiungo hiki zimeandikwa katika majedwali yapi? Hapo zinaweza kuandikwa katika moja, katika mengi, au zisiandikwe popote. Wanaoanza huchanganya mambo haya mawili, na nimeona hata wazoefu wakichanganya siku ya haraka. Kusoma kunaamua wewe unaweza kufika wapi. Kuandikwa kunaamua nani anaweza kukufikia wewe.

Turudi kwenye kampuni yetu. Mtandao wa Mikopo umepewa anwani 10.20.0.0/16, maana yake namba mbili za mwanzo hazibadiliki na zilizobaki zinatosha anwani 65,536. Majaribio wana 10.60.0.0/16. Upo pia mtandao wa Pamoja, 10.10.0.0/16, wenye vitu vinavyotumiwa na wote: seva ya majina, hazina ya programu, na mahali pa kukusanyia kumbukumbu za usalama. Sharti la wakaguzi linasemeka kwa sentensi moja: Majaribio wafike Pamoja, Mikopo nao wafike Pamoja, ila Majaribio na Mikopo wasionane kabisa.

Mhandisi anatengeneza majedwali matatu. Jedwali la majaribio linasomwa na kiungo cha Majaribio, na ndani yake imeandikwa anwani ya Pamoja peke yake. Jedwali la mifumo hai linasomwa na Mikopo na wenzake wanaoshika pesa, na ndani yake kuna Pamoja na hao wenzake. Jedwali la pamoja linasomwa na kiungo cha Pamoja, nalo limeandikwa mitandao yote. Hakuna mahali palipoandikwa "marufuku". Majaribio hawafiki Mikopo kwa sababu jedwali wanalolisoma halina habari kwamba Mikopo ipo.

Sasa tuifuate pakiti moja. Seva ya majaribio yenye anwani 10.60.4.15 inataka kuchukua faili kutoka hazina ya programu, 10.10.2.8. Kwanza jedwali la mtandao wake wenyewe, lile la nyumbani, linasomwa. Lina mstari unaosema kila kinachoanza na 10 ambacho si cha humu ndani kipelekwe langoni. Pakiti inaingia langoni, na lango linasoma jedwali la majaribio, linaona 10.10.0.0/16 iko nyuma ya kiungo cha Pamoja, linaitoa huko. Hazina inaipokea na kujibu. Jibu nalo linaanza safari yake upya kama pakiti isiyojuana na ya kwanza: linasomewa jedwali la nyumbani la Pamoja, kisha langoni linasomewa jedwali la pamoja, na humo lazima 10.60.0.0/16 iwe imeandikwa. Jumla majedwali yamesomwa mara nne, mawili kwenda na mawili kurudi. Likikosekana moja, mtumiaji anaona kitu kilekile: skrini imeganda, na baada ya muda inasema `Connection timed out`.

Linalosahaulika zaidi ni jedwali la nyumbani. Watu hudhani kwamba kiungo kikishakaa, mtandao umejua njia. Lango haliandiki chochote kwenye majedwali ya nyumbani ya mitandao hii. Mstari wa kwenda langoni lazima uuweke mwenyewe, kwenye kila jedwali la kila kipande cha mtandao kinachohusika:

```
aws ec2 create-route \
  --route-table-id rtb-0a1b2c3d4e5f67890 \
  --destination-cidr-block 10.0.0.0/8 \
  --transit-gateway-id tgw-0123456789abcdef0
```

La pili kwa kusahaulika ni safari ya kurudi. Hili lina dalili yake. Ukitazama kumbukumbu za mtandao wa Pamoja utaona pakiti imepokewa, na jibu limetoka. Mwenye hazina ataapa kwamba kwake kila kitu ni kizima, na atakuwa anasema kweli. Jibu limefia langoni. Huko lango lenyewe lina hesabu yake, inayoitwa `PacketDropCountNoRoute`, ya pakiti zilizotupwa kwa kukosa njia. Namba hiyo ikipanda kwenye kiungo cha Pamoja kila unapojaribu, umeshajua jedwali la kufungua. Kuliona lilivyo kwa wakati huo, si kama mchoro unavyodai, unauliza hivi:

```
aws ec2 search-transit-gateway-routes \
  --transit-gateway-route-table-id tgw-rtb-0fedcba9876543210 \
  --filters "Name=state,Values=active,blackhole"
```

Na kuna dalili ya bure ambayo huokoa saa nyingi. Kama badala ya kuganda unajibiwa papo hapo `Connection refused`, kwa kawaida usiguse majedwali. Mara nyingi jibu hilo limetoka kwa seva yenyewe: pakiti ilifika, jibu likarudi, njia zote mbili ni nzima. Tatizo ni programu isiyosikiliza mlango huo. Nimeona timu ya mtandao ikiitwa usiku wa manane kwa ajili ya kosa la namna hii.

Jambo moja la kuzima mapema, kabla ya kiungo cha kwanza. Lango likitengenezwa bila kuguswa mipangilio yake, linakuja na jedwali moja la kuanzia, na kila kiungo kipya kinalisoma na kuandikwa humo chenyewe. Matokeo yake kila mtandao unaona kila mtandao. Kwa mtu anayetaka tu mambo yafanye kazi, hayo ni mapokezi mazuri sana. Kwa kampuni inayosubiri wakaguzi ni mlango wazi ambao haukufunguliwa na mtu yeyote kwa makusudi. Mipangilio hiyo miwili huzimwa siku ya kwanza, na kiungo kipya kinakaa kimya mpaka mtu aamue kisome nini na kiandikwe wapi.

Ila hata majedwali matatu yaliyopangwa vizuri yana tundu, nalo hufunguka siku kampuni inapoamua kubana matumizi ya intaneti. Awali kila mtandao ulikuwa na mtambo wake wa kutokea nje, ule unaobadilisha anwani za ndani ziwe moja ya nje, NAT. Mitambo kumi na miwili ni gharama, basi mhandisi anajenga mtandao mmoja wa Kutokea, 10.90.0.0/16, na katika majedwali ya langoni anaongeza mstari wa `0.0.0.0/0`: chochote usichokijua, peleka Kutokea. Kila mtu anapata intaneti na bili inashuka.

Sasa Majaribio wajaribu tena kufika Mikopo, 10.20.7.30. Jana pakiti hiyo ilitupwa kwa sababu jedwali halikuijua. Leo jedwali bado haliijui, lakini lina mstari wa "chochote usichokijua". Pakiti inapelekwa Kutokea. Huko NAT inaipokea, inaivua anwani ya Majaribio na kuivika anwani yake yenyewe, kisha inasoma jedwali la nyumbani la pale, ambalo linasema kila kinachoanza na 10 kirudishwe langoni, maana bila mstari huo majibu ya intaneti yasingewarudia wenyewe. Pakiti inarudi langoni kwa kiungo cha Kutokea, na jedwali kinalolisoma kiungo hicho linaijua mitandao yote. Inafika Mikopo. Seva ya Mikopo inaijibu NAT, na NAT inampa Majaribio jibu lake.

Utengano umevunjika na hakuna mstari hata mmoja uliofutwa. Ulinzi wa seva yenyewe ungeweza kuizuia pakiti hiyo, lakini mara nyingi umeandikwa kwa uvivu, "ruhusu chote kinachoanza na 10", kwa imani kwamba lango limeshachuja. Kibaya zaidi ni kwamba kumbukumbu za Mikopo zinaonyesha mgeni ni 10.90.1.12, anwani ya NAT. Atakayechunguza ataona mtandao wa Kutokea ndio unaobisha hodi, na jina la Majaribio halimo popote.

Dawa yake ni kuandika kile ambacho mwanzo hakikuhitaji kuandikwa. Katika jedwali la majaribio unaweka 10.20.0.0/16 kwa hali ya `blackhole`, yaani pakiti ya huko itupwe hapohapo. Lango hufuata mstari ulio mahsusi zaidi, kwa hiyo /16 inaushinda ule wa "chochote". Unafanya hivyo kwa kila mtandao hai, na upande wa pili pia: jedwali la mifumo hai litupe 10.60.0.0/16. Hapa ndipo mpango wa anwani unapolipa au kuadhibu. Kama mifumo hai yote ingepangwa ndani ya 10.16.0.0/12, mstari mmoja ungetosha. Kwa kuwa watu wa takwimu walijichagulia 10.61.0.0/16, katikati ya anwani za majaribio, mstari wao utaandikwa peke yake na utasahaulika peke yake.

Na hao wamefanya afadhali. Ingekuwa mbaya zaidi wangechukua 10.20.0.0/16 ileile ya Mikopo. Mitandao miwili yenye anwani sawa inaweza kupewa viungo vyote viwili, lakini wa pili hauandikwi kwenye jedwali ambamo wa kwanza umeshaandikwa, na lango halipigi kelele. Kampuni zinazonunuana hukutana na hili sana, kwa kuwa 10.0.0.0/16 ndiyo anwani ambayo nusu ya mafunzo yote huanza nayo. Kutoka hapo ni kuhama anwani au kutumia vipachiko vya kubadilisha anwani kila pakiti ipitapo. Vipachiko hivyo hukaa miaka.

Tuje kwenye pesa. Lango halina bei yake lenyewe. Unalipia kiungo kwa saa na data kwa gigabaiti. Kanda ya Virginia, ambayo bei zake ndizo hutumika kama mfano, ni dola 0.05 kwa kiungo kwa saa na dola 0.02 kwa gigabaiti. Kila kanda ina bei yake. Mwezi wenye saa 730, viungo kumi na viwili ni dola 438 kabla hata pakiti moja haijapita. Hilo linavumilika. Linaloshtua ni upande wa data. Kampuni yetu hunakili hifadhidata ya Mikopo kwenda mtandao wa Takwimu kila usiku, terabaiti 20 kwa mwezi. Kupitia langoni hiyo ni dola 400, karibu sawa na viungo vyote. Na kama usalama wametaka data hiyo ipite kwanza kwenye seva za faiawoli zilizo katika mtandao wao, inaingia langoni mara mbili, kutoka Mikopo na kutoka kwa faiawoli, na inalipiwa mara mbili. Kwa muunganisho wa moja kwa moja, tangu 2021, data isiyotoka nje ya jengo moja la mitambo hailipiwi kabisa.

Basi kwa nini uchague? Mistari mahsusi hushinda kwenye majedwali ya nyumbani vilevile. Mikopo wakiwa na 10.0.0.0/8 kwenda langoni na 10.61.0.0/16 kwenda kwenye muunganisho wa moja kwa moja, nakala ya usiku inapita njia ya bure na kila kingine kinapita kitovuni. Wapo wasanifu wanaoona hili ni uchafu kwenye mchoro. Mimi ningeuacha uchafu huo wenye thamani ya dola 400, mradi tu uandikwe mahali ambapo mhandisi ajaye atauona, na wakaguzi waambiwe kwamba njia hiyo hailindwi na lango.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayowezesha kuhama kutoka miunganisho 66 bila kuzima huduma. Unaweka kwanza viungo na majedwali yote ya langoni, kisha unaongeza 10.0.0.0/8 kila nyumba. Hakuna kinachobadilika, kwa sababu mistari ya zamani ya /16 bado inashinda. Halafu unachukua jozi moja, unafuta mstari wake wa /16, na trafiki inahamia langoni. Ikigoma, unaurudisha mstari huo na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kufuta. Muunganisho wa moja kwa moja ndani ya kanda hupitisha pakiti hadi baiti 9001, lango huishia 8500. Ukifuta upande mmoja asubuhi na wa pili baada ya chakula, kwa muda huo kwenda kunapita njia moja na kurudi nyingine, na baadhi ya pakiti kubwa zinapotea: kuingia kwenye mfumo kunakubali, kupakua ripoti ndefu kunaganda. Pande zote mbili zifutwe kwa pamoja. La pili ni ulinzi wa seva unaosema "ruhusu wale wa kundi fulani" badala ya kutaja anwani. Kwenye miunganisho ya zamani ulikuwa unafanya kazi hata kundi likiwa mtandao wa pili. Kupitia langoni haukutambulika hadi Septemba 2024, na hata sasa lazima uwashwe kwa makusudi, na unahusu trafiki inayoingia tu. Kwa hiyo kabla ya kugusa mstari wa kwanza, mhandisi wetu anapitia sheria za ulinzi za mitandao yote kumi na miwili akitafuta majina ya makundi ya ng'ambo. Ni siku mbili za kazi isiyo na raha, na jozi ya Mikopo na Takwimu anairuka, maana hiyo haihami.